Mshipa wa Wapi?

Wifi yangu ni mrefu. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu huanza nalo, na sioni kwa nini nijifanye nina adabu kuliko wengine. Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu, duka la rangi, aliinama mlangoni, akanyoosha mkono na kuteremsha kopo la lita nne kutoka rafu ya juu kabisa, ile ambayo mimi naifikia kwa kupanda juu ya kreti la soda. Kisha akauliza bei. Nilimtajia bei ya kweli bila hata kuongeza cha kupunguziwa, maana nilikuwa bado natazama ule mkono.

Mtaani walimwita Ngazi. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango na kuta: majina ya saluni, ratiba za misa na mikutano, picha za meno nje ya zahanati, na lile tangazo la kukataza watu kukojoa ukutani ambalo kila mwenye nyumba alilitaka na hakuna aliyelitii. Wenzake walibeba ngazi za mbao begani. Yeye alibeba brashi tu. Herufi zake zilisimama wima, zote kimo kimoja, na hakuwa anapiga mstari wa chaki kwanza. Nilipomuuliza huwa anafanyaje, alisema, "Naziona zimeshakaa, dada, mimi nazipaka tu." Wakati huo hakuwa wifi yangu bado. Aliniita dada. Uwifi niliutafuta mwenyewe.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi cherehani, na kwa kuwa Mungu alimkata kwa kitambaa kilichobaki, watu humwita Kifungo. Alikuwa na kibanda chake mbavuni mwa duka langu. Nilimtuma ampelekee Ngazi chenji aliyoisahau, naye akachukua muda mrefu kuliko chenji yenyewe. Walipooana, alimshonea gauni huku amesimama juu ya kiti ili afikie mabega. Watu walicheka, nao walicheka zaidi ya watu. Sijapata kuona nyumba inayochekana namna ile bila mtu kununa.

Jambo moja tu halikuwa la kuchezewa, nalo ni marehemu baba yake Ngazi. Alikuwa mwashi, akafa binti yake akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Alikufa kwa mshipa. Na wewe msomaji unajua, kama ninavyojua mimi, watu wanavyofikiria wakisikia mwanamume kafa kwa mshipa. Wanafikiria ngiri. Wanafikiria uvimbe wa mahali pasipotajwa mbele ya wakwe. Watoto wenzake shuleni walimtungia wimbo wa mshipa wa baba yake, akaubeba wimbo ule mpaka utu uzima. Mama yake alikuwa amefunga mdomo kabisa. Hapakuwa na picha ya marehemu nyumbani, wala hadithi yake, na ukimtaja, mama yule angeinuka kwenda kuangalia kama sufuria inaungua hata kama hakukuwa na kitu jikoni.

Basi, mambo yalianzia kwenye macho. Mwaka wa pili wa ndoa herufi za Ngazi zilianza kulala. Mwenye saluni mmoja alikataa kupokea bango kwa sababu jina lake lilikuwa linateremka mlima. Ngazi akaenda kliniki ya macho akidhani ataandikiwa miwani arudi kazini. Daktari wa macho alimwangalia kwa taa yake, akasema lenzi ya jicho imehama mahali pake, imeponyoka kwenye nyuzi zinazoishikilia. Halafu, badala ya kuandika miwani, akamwambia, "Hebu shika kifundo cha mkono wako kwa mkono mwingine." Ngazi akashika, na kidole gumba na kidole cha mwisho vikapitana kwa pingili nzima. "Kunja ngumi, gumba likae ndani." Gumba likachungulia upande wa pili wa ngumi. Daktari akamwandikia miwani na karatasi nyingine ya kwenda kwa daktari wa moyo.

"Nimekwenda na macho, nimerudishwa na moyo," Ngazi alinisimulia dukani, akicheka. Mimi sikucheka sana.

Daktari wa moyo katika hospitali kuu ni mtu mzima, mpole, na msomi wa kweli, nisimsingizie. Alimweleza kwamba mwili una kitu kinachoshikanisha viungo vyote, kwenye mifupa, kwenye macho, kwenye moyo, na kwamba kwake kitu hicho kimezaliwa dhaifu. Ugonjwa huo unaitwa Marfan. Hauambukizi mtu, hurithiwa. Mifupa hurefuka, lenzi huponyoka, lakini hayo si ya kutisha. La kutisha ni aota. Hapo ndipo neno hilo lilipoingia nyumbani kwetu. Aota inatoka kwenye moyo na damu yote ya mwili hupita humo, alisema, na mzizi wake, pale inapochipukia, kwa watu wa namna yake hupanuka taratibu kila moyo unapopiga. Ikipanuka mno huweza kuchanika.

Kifungo alielewa haraka kuliko sisi sote. "Ni lastiki," aliniambia. "Lastiki ya sketi ikishalegea hairudi. Unachoweza kufanya ni kuacha kuivuta."

Wakampa vidonge vya kuteremsha presha na kupunguza nguvu ya moyo, wakamkataza kubeba makopo mazito, na wakampangia kupigwa picha ya moyo kila baada ya miezi sita. Picha hiyo nimeiona, maana nilimsindikiza mara nyingi. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa mafuta ya baridi kifuani, na mpiga picha anakubandika kitu kama kichwa cha spika ndogo katikati ya mbavu. Mpiga picha wetu alikuwa mama mmoja mkimya mwenye miwani mikubwa. Alisimamisha picha moyo ukiwa umetulia kati ya pigo na pigo, akavuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo, akaufuta, akauvuta tena. Nilimuuliza kwa nini anarudia.

"Nikikosea milimita mbili tu, daktari atadhani imekua wakati haikukua," alisema. "Au atadhani haikukua."

Ya Ngazi ilisoma sentimita nne na pointi nne. Ilipaswa kuwa tatu na ushei. Ikakaa hapo mwaka mzima, na sisi tukaizoea kama mtu anavyozoea mpangaji asiyepiga kelele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kila kitu kiko hapa. Ngazi alitaka mtoto. Hakuwa anataka kwa sababu mtaa unauliza, ingawa mtaa uliuliza. Alikuwa amemchorea Kifungo picha ya mtoto kwenye ukuta wa chumbani, mtoto mwenye miguu mirefu na mkononi anashika kifungo, na picha ile ilikuwa na nafasi wazi pembeni kwa ajili ya jina. Alikwenda kwa daktari akamwambia waziwazi. Mimi siku hiyo sikuwepo, lakini walinisimulia wote wawili, na daktari mwenyewe baadaye aliyarudia mazungumzo hayo neno kwa neno, kwa sababu hakuweza kuyasahau.

Daktari alimwambia kwamba mimba huuzidishia moyo kazi, na homoni zake hulegeza zaidi kile ambacho tayari kimelegea. Hatari kubwa huwa miezi ya mwisho na wiki zile za baada ya kujifungua. Mtoto naye ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Ikiwa aota imepita nne na nusu, angemkataza, angemwambia afanyiwe upasuaji kwanza. Ikiwa chini ya hapo, alisema, inategemea.

"Inategemea nini, daktari?"

"Inategemea mambo kadhaa. Kama inakua haraka, na yako haikui. Na kama kwenu kuna mtu ambaye aota yake ilipasuka. Familia ambayo aota zake hupasuka mapema, hatusubiri kipimo kifike mbali. Je, kwenu kuna mwenye tatizo la aota?"

"Hapana," alisema Ngazi. Neno lenyewe alilisikia kwa mara ya kwanza mwaka uliopita. Angejuaje?

"Kuna aliyefariki ghafla, akiwa bado kijana?"

"Baba."

"Alifariki na nini?"

Ngazi akatazama sakafu. Wimbo wa shuleni ukampanda masikioni. "Mshipa," alisema.

"Pole sana," alisema daktari, naye kwa heshima akaangalia pembeni. Akaandika ngiri iliyonyongwa. Aliuliza pia kama marehemu alikuwa mrefu. Ngazi akajibu, "Nilikuwa mdogo, daktari. Kwangu kila mtu alikuwa mrefu." Wakacheka kidogo, wakafunga habari hiyo.

Hadi leo huwa nawaona pale kichwani mwangu, watu wawili wenye akili zao, wameketi meza moja, wanaongea lugha moja, kila mmoja ameshika neno lake. Daktari alisema aota akimaanisha mshipa mkubwa wa damu. Ngazi alisema mshipa bila kujua kwamba anajibu swali la aota. Kilichotakiwa ni mmoja wao aulize, mshipa wa wapi? Naona hasira nikikumbuka, na sijui nimkasirikie nani.

Akaruhusiwa, kwa masharti. Kile kidonge chake kimoja kilisimamishwa kabla hata hajaanza kujaribu, kwa sababu huharibu figo za mtoto tumboni, akaachiwa kile cha kupunguza kasi ya moyo. Akashika mimba mapema. Kifungo akashona nguo za mtoto mpaka nikamwambia anafungua duka au anapata mtoto mmoja. Kila mwezi picha. Mwezi wa nne wa mimba, nne na pointi nne. Mwezi wa sita, nne na nusu. Mpiga picha alivuta mstari wake, akafuta, akavuta, akafuta, na nikajifunza kwamba kwa mama yule kimya kina viwango. Mwezi wa saba kilikuwa kimya kirefu sana. Nne na pointi nane. Wakamlaza siku hiyohiyo.

Ndugu wakaitwa. Alikuja mama yake, amejifunga kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, na alikuja baba yake mdogo, mdogo wa marehemu, mzee aliyefanya kazi ya kupakia malori mpaka masikio yakaenda na injini. Huyo huongea kwa sauti ya kuwafikia waliokaa wodi ya pili. Daktari akatukusanya pembeni mwa kitanda. Kwa ajili ya mzee akaacha neno lake la aota, akasema polepole na kwa nguvu:

"Mzee, mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo wake umepanuka. Tunaogopa usije ukapasuka."

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Kama kaka," alisema.

"Kaka yupi?"

"Baba yake huyu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, akishika mgongo hapa katikati, anasema kuna kitu kimechanika. Hakumaliza siku. Wakampasua kumwangalia, daktari wa siku hizo akatoka akaniambia maneno haya haya. Mshipa mkubwa umepasuka, kifua kimejaa damu. Nikaja nyumbani nikasema, wamesema mshipa."

Daktari alikuwa ameshika kalamu na hakuandika kitu.

"Mimi niliandika ngiri," alisema hatimaye.

"Nani kasema ngiri?" aliuliza mzee. "Ngiri ya wapi? Kaka yangu alikuwa na ngiri?"

Hapo ndipo mama yake Ngazi akaketi chini sakafuni. Tulidhani ameanguka. Alimtazama shemeji yake, akasema kwa sauti ndogo, "Ulisema mshipa, shemeji."

"Ndiyo. Mshipa."

"Hukusema wa kifuani."

"Hukuniuliza, shemeji. Uliinamisha uso. Ningeanzaje kukutajia mwili wa kaka mimi?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama yule alikuwa kwao akimuuguza mzazi wake mumewe alipofariki. Alirudi akakuta kaburi, na neno moja kutoka kwa shemeji ambaye kwa heshima hakulieleza, na yeye kwa heshima hakuliuliza. Akaamini mumewe alikuwa na ugonjwa wa aibu, kwamba alibeba mawe nao huku akimficha yeye, mkewe aliyelala naye kitanda kimoja. Kwa hiyo alimnunia. Alimnunia maiti. Picha zake alizichoma mwenyewe. "Nilimwona mwongo," alituambia pale sakafuni, "na wala hakunificha kitu. Hakuwa na habari." Kifungo akamwinua, akampa kiti.

Daktari alibaki amesimama. Mimi nina ulimi, nikamuuliza mbele ya watu: kama ungejua mapema?

Hakujitetea, na hilo nampa. Alisema angemwambia asishike mimba kwanza. Pamoja na kifo cha baba cha namna ile, nne na pointi nne ilikuwa inatosha kukaa na wapasuaji na kuzungumza. Wangekata mzizi uliopanuka, wakaweka bomba la kitambaa mahali pake, na valvu yake mwenyewe, kile kilango cha damu pale mzizini, wangeibakiza, kwa kuwa bado ilikuwa nzima. Wangengoja apone kabisa. Halafu mimba. Hatari isingeisha, sehemu nyingine ya mshipa ingebaki ya kuangaliwa maisha yote, lakini pale palipo pabaya zaidi pangekuwa pameshashonwa. "Hayo ndiyo yangekuwa mazungumzo yetu," alisema. "Nilisikia jibu nililozoea kulisikia."

Ngazi alikuwa amelala anatusikiliza wote. Akashika tumbo lake. "Sasa hivi je?" aliuliza. Ni yeye peke yake aliyeuliza la maana.

Sasa hivi, walimweleza, angechomwa yeye sindano ya kuyakomaza mapafu ya mtoto, kisha mtoto atolewe kwa upasuaji kabla ya wakati. Presha ishikwe chini muda wote. Akishajifungua, baada ya damu kutulia, wamfanyie upasuaji wa moyo ratiba ikiwa mikononi mwao. Kumpasua moyo mtoto akiwa tumboni kungemhatarisha sana mtoto, na mtoto alishafika mahali pa kuweza kuishi nje. Ngazi akasikiliza, akasema sawa, kisha akamwomba Kifungo amletee penseli. Akaandika kwenye kipande cha kitambaa majina mawili, la kike na la kiume, herufi zimesimama wima kabisa. Hizo ndizo herufi za mwisho za mkono wake wa kulia nilizonazo.

Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo kama mkate, vidole virefu. Vidole vile sote tuliviona. Kifungo alimbeba kifuani siku nzima na kumwambia asiwe na haraka ya kukua. Siku zile zilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, maana mtu anaweza kudhani ilikuwa majonzi tu. Ngazi alikaa kitandani na mtoto wake akicheka na wagonjwa wenzake, na upasuaji wake ulikuwa umepangwa wiki iliyofuata.

Haukufika wiki iliyofuata. Asubuhi moja wakati wa chai, akimnyonyesha, aliniambia, "Wifi, mchukue mtoto." Nikamchukua. Akapeleka mkono nyuma, katikati ya mabega, pale pale baba mdogo alipotuonyesha. "Kuna kitu kimechanika," alisema, kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa anasubiri basi na sasa limefika.

Wauguzi hawakuuliza maswali. Neno lilikuwa limeshaenea wodi nzima. Walimkimbiza kwenye mashine kubwa ya picha, wakaona mpasuko umeanzia kwenye mzizi na kupanda juu, umeshuka mpaka tumboni, wakampeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari alituambia baadaye kwamba lau angekuwa nyumbani asingefika. Alikuwepo pale pale, hakuruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kujifungua, kwa sababu mzee mwenye masikio mabovu alizungumza kwa sauti. Neno moja lililofichwa lilimweka hatarini, na lilipofichuka likamwokoa nusu.

Nasema nusu. Mzizi ulikatwa na bomba likawekwa, lakini valvu yake ilikuwa imeharibika kwa mpasuko, haikubakizwa. Wakamwekea ya chuma. Katikati ya yote hayo damu ilipungua upande mmoja wa ubongo, na alipoamka mkono wa kulia ulikuwa umelala kando yake kama mali ya mtu mwingine. Mguu ulirudi. Usemi ulirudi, na utani ukaja nyuma yake. Mkono ulirudi kiasi cha kushika kikombe. Brashi hapana.

Valvu ya chuma inataka dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yote, na kupimwa damu mara kwa mara isije ikawa nzito au nyepesi mno. Dawa hiyo ina madhara kwa mimba changa. Na aota iliyobaki, ile ya chini, ina mpasuko wake ambao wanaufuatilia kwa picha. Daktari alimwambia mimba nyingine hapana, na safari hii hakusema inategemea. Pale chumbani kwao, kwenye picha ya ukutani, Ngazi alikuwa amechora mtoto wa pili nyuma ya yule wa kwanza, kwa penseli tu, siku alipopata ruhusa. Sikuwahi kumwona mpaka alipomwonyesha Kifungo mahali pa kufuta. Kifungo alikataa kufuta. Bado yupo pale, amefifia.

Mama yake alikwenda kaburini peke yake, alikaa kutwa. Alimsimulia nini marehemu hatujui. Aliporudi alianza kumtaja. Sasa hatuna raha: alipenda chai ya moto, alikuwa anaimba akijenga, aliinama kila mlango. Anamtaja sokoni kwa watu ambao hawakuuliza. "Mume wangu alikufa kwa moyo," anasema. Nikimtazama namhurumia miaka yote ile ambayo angeweza kumlilia akaishia kumnunia.

Ngazi sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zinalala, na kuna wenye maduka wanaozitaka hivyo hivyo, wanadhani ndiyo mtindo. Anazichukia. Huwa anakuja dukani kwangu, anakaa juu ya kreti langu la soda, na dukani pakiwa kimya unaisikia valvu yake, tik, tik, tik, kama saa ya bei rahisi. Wateja huangalia ukutani kutafuta saa. Siku moja aliniambia, "Wifi, sikitiko langu si mkono. Najua watu wanadhani ni mkono. Ni kwamba niliulizwa, na nikaona aibu." Nilimwambia aibu haikuwa yake, alirithishwa tu, kama vidole. Alicheka, lakini hakukubali.

Daktari naye sasa ana tabia. Nimemsikia mwenyewe, mlango ukiwa wazi. Mgonjwa akisema marehemu wetu alikufa kwa mshipa, anaweka kalamu chini na kumuuliza, "Mshipa wa wapi?" Hata kama mgonjwa ni mkwewe. Anasubiri mpaka ajibiwe.

Mtoto ana miaka mitano. Anamzidi kimo kila aliyeko darasani kwake, na shuleni wameshampa jina ambalo sitalitaja hapa, mwenyewe atachagua kama analitaka. Tangu uchanga anapigwa picha ya moyo kila mwaka, na kila mwaka mpiga picha yule wa miwani alivuta mstari mmoja, akautazama, akasema bado iko sawa kwa umri wake. Mwezi uliopita tulikwenda tena. Ngazi aliketi karibu na kitanda kidogo, mimi nikasimama mlangoni. Mtoto alilala ubavu wa kushoto bila kuambiwa, ameshazoea. Akaambiwa atulie tuli, asiongee, asicheke. Akatulia.

Mpiga picha alisimamisha picha, akavuta mstari. Akaufuta. Akavuta tena.

Ngazi aliinua uso akanitazama. Hakuna aliyetuambia namba yoyote bado. Akavuta mara ya tatu, na chumbani palikuwa kimya kabisa isipokuwa ile tik, tik, tik, ambayo sasa ilikuwa inakwenda mbio.

Mtoto akageuza shingo kidogo. "Mama," alinong'ona, "moyo wako unapiga kelele. Uambie na wenyewe utulie, tunapimwa."